Ahadi milioni 23, zilizoingia milioni 10: harusi ni tarehe 17

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mweka hazina wa kamati ya harusi ya mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, hapa Dar es Salaam. Harusi ni Jumamosi ya tarehe 17 mwezi ujao, zimebaki wiki nne. Bajeti tuliyopitisha ni shilingi milioni 25 kwa wageni 300. Ahadi zilizoandikwa ni 23,600,000 kutoka kwa watu 186, kwa hiyo tulijua tunapungukiwa na 1,400,000 tu na wazee wakasema hiyo wataimaliza wenyewe. Shida ni kwamba mpaka leo zilizoingia ni 10,850,000, na humo humo tumeshalipa nusu ya ukumbi, milioni mbili.

Mwenyekiti ananiambia nisihangaike, hela za harusi huingia wiki ya mwisho. Kwenye kikao cha Jumapili kaka mmoja akatoa simu, akagawanya milioni 25 kwa 300, akasema kila mgeni anatugharimu 83,000, tukate wageni 100 tuokoe zaidi ya milioni nane, mambo yaishe. Mwingine anataka tukope. Mama mdogo naye, badala ya kupunguza, kaleta orodha ya watu 40 wa jumuiya yake ambao hawamo kwenye ahadi wala kwenye wale 300, na anasema hao hawaachwi.

Kadi zetu ni 60,000 kwa singo na 100,000 kwa dabo. Nimekutumia picha za daftari lote pamoja na bajeti. Nimsikilize nani?

Mweka hazina, Tabata

Marahaba mwanangu. Daftari nimelisoma jana usiku na kalamu nyekundu mkononi. Kabla sijafika kwa kaka wa kikokotoo na kwa mama mdogo, tusawazishe jambo moja: pengo lenu si 1,400,000, wala si zile 14,150,000 unazozipata ukitoa kilichoingia kwenye bajeti. Liko katikati, na huwezi kulijua mpaka uzichambue ahadi moja moja.

Ahadi ambazo hazijaingia ni 12,750,000. Ukurasa wa tatu nimemkuta mjomba wa Morogoro aliyeahidi ng'ombe, na katibu wenu akamwandikia 1,500,000. Chini yake yupo shangazi wa keki, 600,000. Watu wema wote wawili, lakini ng'ombe halipi emsii. Ahadi ya kitu haikai kwenye safu ya fedha, inakaa kwenye bajeti, pale inapofuta gharama. Keki ifute mstari wa keki. Ng'ombe naye afute sehemu ya chakula, tena ikiwa mpishi atakubali kumpokea na kushusha bei ya sahani, na mpishi hatamthamini kwa bei ya katibu. Kuna kumsafirisha, kuna wa kumchinja, na mifupa haipakuliwi. Muulize mpishi wiki hii, usingoje ng'ombe afike kwenye geti.

Halafu kuna majina yaliyojirudia. Yule "Baba Junior wa Sinza" wa ukurasa wa pili na "Injinia" wa ukurasa wa tano wana namba moja ya simu. Wa namna hiyo nimewakuta watatu, jumla 450,000. Hii hutokea kila kamati, kwa sababu kila mwanakamati anagawa kadi kwa watu wake, na kila mmoja anamjua mtu kwa jina lake. Daftari la michango hupangwa kwa namba ya simu kwanza, jina baadaye.

Ukiondoa ng'ombe, keki na hao mapacha, fedha taslimu unazodai ni 10,200,000. Nazo si za aina moja. Wapo walioanza kulipa kidogo kidogo, wamebakiza 2,900,000. Wapo wanakamati wenyewe, 14, wanaodaiwa 2,300,000. Na wapo watu 71 ambao hawajaleta hata senti, jumla yao milioni tano kamili.

Nimeshika hazina za harusi tisa na sendofu nne, na madaftari yake yote ninayo kabatini. Nisikudanganye kwamba kuna kanuni, ila mwendo unafanana. Aliyekwisha kulipa nusu humalizia, isipokuwa apatwe na jambo. Kati ya zile 2,900,000 hesabu 2,200,000. Mwanakamati hulipa akibanwa ndani ya kikao, mbele ya wenzake. Hesabu milioni mbili. Wale ambao hawajaanza kabisa, wiki nne kabla ya harusi, ukiwapigia wote utapata kama theluthi. Hesabu 1,600,000 na usiongeze hata kumi. Jumla ni 5,800,000. Ukiziweka juu ya ulizonazo, harusi yenu ina 16,650,000.

Bajeti bila keki ni 24,400,000. Kwa hiyo pengo lenu ni 7,750,000. Hiyo ndiyo namba ya kupeleka kwenye kikao. Iandike peke yake kwenye karatasi kubwa, ibandike ukutani, kisha ukae kimya watu waiangalie.

Sasa mwenyekiti. Asemavyo si uongo, hela nyingi kweli huingia mwishoni. Lakini harusi yenu ni tarehe 17. Wenye mishahara wengi hulipwa kuanzia tarehe 20 na kitu mpaka mwisho wa mwezi. Maana yake kati ya leo na harusi kuna mshahara mmoja tu, nao ni wa wiki ijayo. Hiyo "wiki ya mwisho" anayoisubiri inaangukia tarehe 10 mpaka 17, wakati mfuko wa mwajiriwa umebaki na nauli. Harusi ya tarehe 2 au 3 mwenyekiti angeshinda hoja. Ya tarehe 17, wiki yako ya mwisho ni hii inayokuja.

Tena mzigo wenyewe hausubiri. Ukumbi unadai nusu iliyobaki kabla ya siku, mpambaji anataka hela ya maua, mpishi anataka ya sokoni. Mwaka ambao nilimsikiliza mwenyekiti wa namna hiyo, tulifika ukumbini tunamdai kila mtu na tunadaiwa na kila mtu. Saa tatu usiku emsii anatangaza utaratibu wa chakula, meza kuu wanasimama, na mpishi amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya mahotipoti, aproni mapajani, vifuniko vimefungwa. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama, mzigo wangu kwanza." Wanaume wa kamati wakatoka nje kwenye magari kukusanya hela mikononi mwa wageni waliokuwa bado wanaegesha. Wakati huo dijei anarudia wimbo ule ule kwa mara ya nne. Tulimlipa saa nne kasoro, wali umeshapoa.

Na ukisikia mtu anasema "mpishi tutamlipa kesho yake kwa hela za zawadi," mkatize hapo hapo. Kinachotuzwa ukumbini ni cha bwana na bibi harusi. Kamati ikianza kufungua bahasha za maharusi, ndoa inaanza na kesi.

Kwa hiyo wiki hii ni ya simu. Si meseji za jumla, na si ile orodha ya wasapu yenye majina na masifuri inayorushwa kila asubuhi. Ile orodha inawafurahisha waliolipa, na wasiolipa wanazima sauti ya kundi. Gawanyeni wale 71, kila mwanakamati awapigie watu watano aliowaletea kadi yeye mwenyewe. Asiulize "utalipa lini," kwa sababu jibu lake ni "nipo kwenye mchakato," na mchakato hauna tarehe. Aseme hivi: "Kaka, nimekuandika laki moja. Jumatatu tunampa mpishi idadi, nataka kujua nikubakizie kiti. Na kama mwezi umekaza, niambie nikuandike elfu sitini, kadi iwe ya singo." Mlango huo wa pili ndio wenye faida. Mtu aliyeahidi laki mbele za watu na hana laki huwa anakimbia simu. Ukimruhusu kushuka bila aibu, anakupa sitini leo leo. Na akikwambia hawezi kabisa, mshukuru na ukate jina lake kwenye safu ya ahadi. Umeokoa sahani mbili.

(Msibani mambo haya hayapo, ndiyo maana daftari la rambirambi hufungwa jioni ile ile. Anayekuja anatoa mkononi, karani anaandika, basi. Harusi ndiyo imetuzoesha kuandika hewa na kuijumlisha.)

Nije kwa kaka wa kikokotoo. Hesabu yake ya kugawanya ni sahihi, 83,000 na kitu kwa kila mgeni. Kosa ni kudhani kwamba mgeni asipokuja, 83,000 inabaki mfukoni. Shika bajeti yako, pitisha mstari kila kipengele na ujiulize: wakija watu 200 badala ya 300, hiki kinapungua? Ukumbi milioni nne, haupungui. Mapambo 3,500,000, jukwaa ni lile lile. Emsii, muziki, picha na video, magari, mavazi, keki, kadi, dharura, vyote vinakaa pale pale. Vikijumlishwa ni 14,200,000. Kinachopungua na mtu ni viwili tu: chakula 22,000 kwa sahani na vinywaji 14,000 kwa kichwa. Mgeni mmoja zaidi, au mmoja pungufu, ni 36,000.

Mkikata wageni 100 mnaokoa 3,600,000, siyo milioni nane. Na wale 200 waliobaki, ukigawanya tena, kila mmoja atakuwa "anagharimu" 107,000, kwa sababu ukumbi ule ule sasa umebebwa na watu wachache. Kaka atashtuka atakapoona amekata theluthi ya wageni na mgeni amepanda bei.

Tena kuna hatari ya pili. Hao 100 mnawakata wapi? Mkimkata mwenye singo aliyelipa 60,000, mmeokoa 36,000 na mmepoteza 60,000. Kila aliyelipa anakuja na sahani yake na chenji juu, hata mngekuwa na njaa ya hela namna gani hakatwi. Wa kukatwa ni jina lisilo na hela nyuma yake.

Hapa ndipo ninapotaka usimame kidogo, maana ndipo bajeti za harusi zinapozama na hakuna anayepaangalia. Chenji hiyo ni kiasi gani? Singo ya 60,000 ukitoa 36,000 inabaki 24,000. Dabo ya 100,000 wanakula watu wawili, 72,000, inabaki 28,000. Hizo ndizo zinazokwenda kulipa ukumbi, jukwaa na spika. Sasa gawanya 14,200,000 kwa 28,000. Unahitaji dabo zaidi ya 500, yaani watu zaidi ya elfu moja, ili kadi peke yake zilipe vitu vile visivyopungua. Ukumbi wenu hauchukui hata nusu ya hao.

Maana yake kadi za kawaida hazilipi harusi. Zinalipa sahani ya aliyekuja nayo na kuchangia kidogo. Ukumbi na mapambo hulipwa na michango mikubwa ya watu wachache: wazazi, bwana harusi mwenyewe, wajomba, na wanakamati. Hesabu ya kwanza ya kikao cha kwanza ingekuwa hii: hao wa ndani wanatoa ngapi taslimu, kisha ukumbi na mapambo vichaguliwe ndani ya hizo. Nyinyi, kama wengi, mlichagua ukumbi kwanza mkatuma kadi zikautafute. Na kuna wengine, namshukuru Mungu siwaoni kwenye daftari lako, wanaompa dabo mtu aliyelipa 50,000 kwa sababu "ni mtu wetu". Huyo anakula 72,000. Kamati imemlipa 22,000 aje.

Basi tufanye kazi yenyewe. Pengo ni 7,750,000.

Kwanza viti. Ukishapiga simu, kati ya wale 71 utabaki na kama 47 wasiolipa. Baadhi walikuwa dabo, kwa hiyo viti 70 hivi vinarudi mezani. Kadi zao msizitoe. Kama mnatumia kadi za simu zile zinazoskaniwa mlangoni, ni rahisi zaidi, mtu hatumiwi mpaka jina lake liwe na hela. Isipokuwa bibi yenu na wazee wa ukoo. Hao hawachangishwi, na wala usiwatie kwenye hesabu ya wadaiwa. Sahani zao zihesabiwe ni za familia.

Sasa mama mdogo na watu wake 40. Usimkatalie kwa namba, hatazisikia, na ana sababu ambayo hamjamuuliza. Mwanamke wa jumuiya ana daftari lake. Kwa miaka amechangia sendofu za mabinti wao, ubarikio wa watoto wao, na misiba yao. Anaposema hawaachwi, anasema zamu yake imefika. Nenda kwake na chai, mwambie, "Mama, hebu tuone ulimchangia nani." Wale aliowachangia, yeye mwenyewe awapigie. Hawatamkimbia kama wanavyokimbia kamati. Atakayeleta anaingia na kadi yake kama wengine, na wala hatakuwa mzigo kwenu. Wale asioweza kuwaomba lakini lazima awaone ukumbini, wasizidi 20, tena kwenye vile viti 70 vilivyorudi. Wengine wanakaribishwa kanisani, na wanajumuiya wanajua kupokea hilo vizuri kuliko tunavyofikiri. Hao wa jumuiya watakaoleta sikuwatia kwenye hesabu hapa chini. Wakipatikana, ni wa kuziba tundu dogo.

Wageni 300, toa 70, rudisha 20: mmefika 250. Kabla ya kushangilia, soma mkataba wa mpishi. Kuna wapishi na kumbi ambao mkataba wao una idadi ya chini ya kulipiwa. Ukiwa umesaini sahani 300 kuwa ndiyo kima cha chini, hata wakija 250 unalipa 300 na hesabu yote hii inaanguka. Kwenye picha ulizonituma ukurasa wa pili wa mkataba haupo. Uutafute leo. Na kama kifungu kipo, kajadiliane sasa, wiki nne kabla, wakati bado hajanunua mchele. Wiki moja kabla hatakusikiliza na atakuwa na haki.

Pili, bei ya kichwa. Ng'ombe wa mjomba akipokelewa, sahani iombwe kushuka kutoka 22,000 hadi 18,000. Vinywaji, acheni ule mtindo wa kila meza kupangiwa chupa kabla watu hawajakaa. Ndiko zinakopotelea, nusu hufunguliwa zikaachwa. Chukueni kreti kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa ambazo hazikufunguliwa, mtu mmoja asimame stoo na daftari, na kila mgeni apewe tiketi mbili mlangoni. Maji yawe wazi kwa wote. Kwa mpangilio huo 14,000 inashuka hadi 10,000 bila mtu kulala na kiu. Uliza lakini kama ukumbi unaruhusu vinywaji vya kutoka nje, na wanatoza nini kwa kuviingiza. Wengine tozo yao inakula chote mlichookoa. Mkifanikiwa yote mawili, kichwa kinashuka kutoka 36,000 hadi 28,000, na chakula na vinywaji vya watu 250 vinakuwa milioni saba badala ya 10,800,000. Hapo mmeokoa 3,800,000.

Tatu, vile visivyopungua na wageni vipunguzwe kwa mkono. Mapambo ndiyo ya kuanza nayo. Mwambie mpambaji aache dari na ule mlango wa maua, abaki na jukwaa, meza kuu na vitambaa vya meza. 3,500,000 irudi 2,200,000. Picha na video toka 1,700,000 hadi 1,200,000, waondoe lile winchi la kamera na mpiga picha wa tatu. Magari ya kukodi 900,000: mna wajomba wenye magari yanayong'aa, mnunulie kila mmoja mafuta na utepe, 400,000 inatosha. Hapo ni 2,300,000. Emsii na spika usiwaguse, ukumbi ukikosa sauti watu 250 watakumbuka hilo tu.

Kwa hiyo mmepunguza 6,100,000. Harusi imekuwa ya 18,300,000 kwa wageni 250, na pengo lililobaki ni 1,650,000. Ukigawanya kama kaka yule, mgeni sasa ni 73,200, pungufu ya 83,000, na safari hii imeshuka kweli kwa sababu mlikata pande zote mbili.

Hiyo 1,650,000 ni ya wazee. Walishasema 1,400,000 wataimaliza wenyewe, waombwe waongeze 250,000 na waitoe taslimu kwenye kikao hiki, siyo waiandikishe. Kukopa sikushauri. Mikopo ya kwenye simu ni ya siku chache na ina jina la mtu mmoja, na kamati ya harusi huvunjwa Jumapili asubuhi. Utabaki wewe na laini yako. Kama lazima mtu akope, akope bwana harusi kwa jina lake, kiasi anachojua mshahara wake unakiweza, na bibi harusi awe anajua.

Kuna jambo dogo umeliacha nje ya bajeti. Watu wanatuma mchango bila ya kutolea, na wewe ukitoa kwa wakala makato yanatoka kwenye mfuko wa harusi. Hela nyingi kadiri iwezekanavyo ibaki kwenye simu, mlipe ukumbi na mpishi kwa lipa namba zao au benki, na risiti uzipige picha siku hiyo hiyo. Na hiyo laini ya michango isiwe laini yako ya kila siku. Siku mtu wa familia akikukopa elfu ishirini kwenye laini hiyo, hata ukiirudisha, daftari halitakaa sawa tena na maneno yataanza.

Peleka yote haya kikao cha Jumapili kwa mpangilio huu: pengo kwanza, kisha orodha ya wadaiwa wa kamati isomwe kabla ya kuwagusa wale 71. Kikao hakiwezi kumpigia mtu wa Sinza kudai laki moja wakati walioketi hapo wanadaiwa 2,300,000. Mwenyekiti asomwe wa kwanza, nimeona bado laki mbili.

Halafu ukurasa wa kwanza, mstari wa sita, kuna jina lako. Ahadi laki tatu, umelipa laki moja. Imalize Jumamosi, Jumapili uingie kikaoni na risiti.

Shangazi